Kibla na kilemba: kusoma makaburi ya Kiislamu katika picha isiyojulikana ilikopigwa

Ninapopewa picha ya makaburi ya Waislamu na kuulizwa ilipigwa wapi, sianzi na maandishi. Naanza na mwelekeo wa makaburi, kwa sababu maiti ya Muislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Makka, na kwa hiyo kaburi hukatiza mstari wa kibla. Anayeelekea kusini kwa namna hiyo kichwa chake huwa magharibi. Anayeelekea magharibi, kama Indonesia ambako kibla ni magharibi ikielemea kaskazini kidogo, kichwa chake huwa upande wa kaskazini. Nikijua kichwa kiko wapi na kaskazini ya picha iko wapi, nimeshapata upande wa dunia ambao Makka iko kutoka hapo.

Ugumu uko katika kuijua hiyo kaskazini. Kivuli husaidia tu pale saa ya kupigwa picha inapojulikana. Isipojulikana, natafuta nyumba za jirani zenye madishi ya setilaiti, ambayo barani Ulaya huelekea upande wa kusini. Ukungu unaoota juu ya mawe siutegemei hata kidogo, kwani hufuata unyevu na miti kuliko dira.

Tuchukue picha ya mfano. Makaburi yako kwenye mteremko, kila moja likiwa na mawe mawili meupe yaliyosimama wima, refu upande mmoja na fupi upande wa pili. Lile refu ndilo la kichwani. Madishi ya nyumba zilizo nyuma yanaonyesha kusini, na nikilinganisha naona vichwa viko kusini-magharibi na miguu kaskazini-mashariki. Basi nyuso zimeelekea kusini-mashariki. Kwa Sarajevo kibla ni takriban nyuzi 135 kutoka kaskazini, na kwa Istanbul ni kama nyuzi 152. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuamuliwa kwa jicho, tena makaburi ya zamani hayakuchimbwa kwa vipimo vya leo. Kwa hiyo mwelekeo umeniondolea Indonesia, na umeniondolea Moroko ambako kibla ni mashariki, lakini haujanichagulia kati ya Bosnia na Uturuki.

Hapo ndipo umbo linapoingia. Baadhi ya mawe ya kichwani yamechongwa kilemba juu yake, na mengine hayana. Kilemba ni alama ya kaburi la mwanamume, nayo ni desturi iliyotokana na dola ya Uthmaniya, ambako namna ya kilemba ilieleza pia cheo cha marehemu. Jiwe likiwa na tarabushi badala ya kilemba, nalihesabu kuwa la baada ya miaka ya 1820, wakati Sultani Mahmud II alipolilazimisha vazi hilo kwa askari na watumishi wa serikali. Desturi hii, hata hivyo, ilienea Uturuki na pia Balkani, hivyo kilemba peke yake hakitoshi.

Maandishi ndiyo yanayotenganisha. Uturuki iliacha herufi za Kiarabu mwaka 1928, na mawe yake ya baadaye yana herufi kama ğ, ş na ı isiyo na nukta, mara nyingi pamoja na ombi la kusomewa Fatiha: «Ruhuna Fatiha». Katika picha yetu nasoma č, ć na đ, nazo ni za Kibosnia. Bado sijasema Bosnia, kwa kuwa Waislamu wa Sandžak, eneo lililogawanyika kati ya Serbia na Montenegro, huandika lugha hiyohiyo na kusimamisha mawe ya namna hiyohiyo.

Kilichobaki ni miaka. Yakiwa ni makaburi ya kijiji, miaka ya kufa hutawanyika, na hapo mimi huishia kwenye eneo zima bila kutaja mji. Lakini mawe yakiwa yanafanana kwa safu nyingi, na karibu yote yakionyesha kifo kati ya 1992 na 1995, hayo ni makaburi ya waliouawa katika vita vya Bosnia. Miaka hiyo ikitofautiana kaburi kwa kaburi, na mji ukionekana chini ya mteremko, naifananisha picha na Kovači, juu ya soko la kale la Sarajevo. Ikiwa safu baada ya safu ni 1995 tu, natazama Potočari, walikozikwa waliouawa Srebrenica Julai ya mwaka huo. Huko ardhi iko bondeni kando ya barabara, na ng'ambo yake kuna majengo ya kiwanda cha zamani cha betri, ambayo picha pana huyaonyesha.