Mashine ya kusaga, au mchele dukani? Namna ya kupata kiwango cha punguzo bila takwimu za soko

Mama mmoja mwenye duka la vyakula pembezoni mwa mji wa Morogoro alikuja kwenye dawati letu la ushauri akiwa na Sh 6,000,000 mkononi na swali moja. Ameonyeshwa mashine ya kukoboa na kusaga inayouzwa kwa bei hiyohiyo. Baada ya kulipa umeme, fundi na kijana wa kuiendesha, anatarajia ibaki Sh 2,200,000 kila mwaka kwa miaka 4, kisha aiuze kwa Sh 1,000,000. Jumla ni Sh 9,800,000. "Sasa hapo, mwanangu, si nimepata?"

Jibu linategemea fedha hizo zingefanya nini kama asingenunua mashine. Shilingi atakayoipata mwaka wa nne haiwezi kuhesabiwa sawa na ya leo, kwa sababu ya leo ingekuwa kazini miaka yote hiyo. Asilimia tunayotumia kuirudisha fedha ya kesho kwenye thamani ya leo ndiyo kiwango cha punguzo. Kampuni kubwa hukikadiria kwa kuangalia mwenendo wa hisa za kampuni zinazofanana nayo. Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hakuna hisa za mashine za mtaani, kwa hiyo mama huyu itabidi akitafute kwenye daftari lake mwenyewe.

Tulianza na mahali ambapo fedha yake ingekaa salama bila yeye kunyanyua mkono, yaani hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu. Kwa mfano wetu tulichukua asilimia 12 kwa mwaka. Wewe tumia riba ya mnada wa karibuni wa hatifungani ambayo muda wake unakaribiana na maisha ya mashine yako. Hiyo ndiyo sakafu. Mradi usiofikisha hapo hauna haja ya kujadiliwa.

Kisha tukafungua daftari la duka, na hapa ndipo tulipokaa muda mrefu. Mwenyewe alidai duka linampa faida ya nusu kwa nusu. Huenda ni kweli kwa mtaji wote, ila tunachotafuta ni faida ya shilingi ya mwisho kuongezwa. Kwa bahati aliwahi kuongeza Sh 1,000,000 ya mchele na sukari mwaka uliopita, na mauzo yameandikwa. Faida ghafi ilipanda kwa Sh 60,000 kwa mwezi. Tukatoa nauli ya mzigo 10,000, mchele uliopata wadudu na madeni yasiyolipwa 8,000, na 12,000 ya binti anayemsaidia saa za ziada. Hiyo ya mwisho aliipinga kwa sababu binti ni wa nyumbani na halipwi. Lakini nguvu ya mtu si faida ya fedha. Ukiichanganya, kiwango kinapanda kwa uongo na kila mradi mwingine utaonekana mbaya. Zilibaki Sh 30,000, yaani asilimia 3 kwa mwezi, au 36 kwa mwaka.

Asilimia 36 inashangaza watu, ingawa si ajabu kwa biashara ndogo. Utafiti uliofanywa Sri Lanka na kuchapishwa mwaka 2008, ambapo wafanyabiashara wadogo walipewa mtaji kwa kura, ulikuta faida ya mtaji huo ni kama asilimia 5 kwa mwezi, mbali kabisa na riba za benki.

Basi kiwango chake ni 36? Hapana. Nilimuuliza duka lingemeza kiasi gani zaidi kabla mzigo haujaanza kulala. Akafikiri, akahesabu wateja wake, akasema milioni 2, zaidi ya hapo atakuwa anafuga panya. Kwa hiyo, asiponunua mashine, milioni 2 zingeingia dukani na kuleta Sh 720,000 kwa mwaka, na milioni 4 zingeenda kwenye hatifungani na kuleta Sh 480,000. Jumla ni Sh 1,200,000 kwa fedha zote milioni 6. Hiyo ni asilimia 20, na ndicho kiwango chake cha punguzo. Jirani yake mwenye duka dogo zaidi au kubwa zaidi atapata kingine, kwa mashine ileile.

Angekuwa na deni, tungeanzia huko, maana kulipa deni mapema ni kitega uchumi kisicho na wasiwasi. Angalia tu riba inavyotajwa. Mkopo wa Sh 1,200,000 kwa riba ya asilimia 18 isiyopungua, unaolipwa kwa marejesho 12 ya Sh 118,000, una riba ya Sh 216,000. Lakini fedha ulizokopa hukai nazo zote mwaka mzima. Kila mwezi unarudisha, na kwa wastani umeshika kama Sh 650,000 tu. Gawanya 216,000 kwa 650,000 uone: ni karibu asilimia 33, wala si 18. Mwenye deni la namna hiyo, kama anaruhusiwa kulilipa mapema na kusamehewa riba iliyobaki, hana sababu ya kununua mashine inayompa chini ya hapo.

Turudi kwa mama. Kwa asilimia 20, fedha ya mwaka wa kwanza tunaigawa kwa 1.2, ya pili kwa 1.44, ya tatu kwa 1.728, na ya nne, pamoja na bei ya kuuzia mashine, kwa 2.0736. Tunapata takriban Sh 1,833,000, kisha 1,528,000, kisha 1,273,000, kisha 1,543,000. Jumla ni Sh 6,177,000. Mashine inamzidishia Sh 177,000 tu juu ya njia yake nyingine. Tungetumia 12, ziada ingeonekana kuwa zaidi ya milioni 1.3, na angeondoka akiimba. Tungetumia 36, angeambiwa anapoteza karibu milioni 1.4.

Kwa kuwa takwimu zetu ni za daftari, tulitafuta pia asilimia ambayo mashine haileti ziada wala hasara. Kwa kujaribujaribu ni kati ya 21 na 22. Hii inapunguza ubishi: huhitaji kujua kama kiwango chako ni 19 au 20.5, unahitaji kujua kama kiko chini ya 21 kwa uhakika. Chake kilikuwa kinagusa mpaka.

Wengi wakifika hapo huongeza asilimia 5 au 10 "kwa ajili ya hatari". Mimi siipendi njia hiyo, kwani inaficha hatari ni ipi. Ni afadhali kuiandika kwenye mapato. Tulikadiria umeme kukatika na msimu mmoja wa mahindi haba, tukashusha mapato hadi Sh 2,000,000 kwa mwaka na kuacha kiwango kwenye 20. Jumla ikashuka hadi Sh 5,660,000 hivi, pungufu ya bei kwa Sh 340,000.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kuhusu mashine iliyotumika aliyoiona Kihonda, Sh 3,800,000. Swali zuri, kwa sababu hiyo haigusi zile milioni 2 za mchele. Fedha itakayoinunua ni ile ambayo ingelala kwenye hatifungani, hivyo kiwango chake kinashuka hadi 12, ila makadirio ya matengenezo lazima yawe makali zaidi. Tulikubaliana aende na fundi, aifungue, kisha arudi na gharama zake.