Usonji na swali la parachichi

"Mwalimu wa chekechea hapa Uyole ameniambia mtoto mwenye usonji hawezi kujua kwamba mtu mwingine ana mawazo yake. Ni kweli?"

Hapana, mama. Kauli hiyo ilitokana hasa na jaribio la mwaka 1985 la wanasaikolojia Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith. Wao walitumia wanasesere na gololi. Sisi tuchukue parachichi. Neema anaweka parachichi kapuni, anakwenda kuchota maji. Huku nyuma Tumaini analihamishia kwenye ndoo. Neema akirudi, atalitafuta wapi kwanza?

Mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida husema "kwenye ndoo", kwa kuwa yeye anajua liko huko. Karibu na miaka minne au mitano huanza kusema "kapuni". Kabla ya kumhukumu, lazima aulizwe pia sasa liko wapi na mwanzo lilikuwa wapi. Akikosea hayo, huenda hakufuata kisa tu.

Katika jaribio lile la 1985, kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walikosea swali la kwanza. Wanne walipata, na hao ndio husahaulika watu wanaposema "hawawezi".

Tena swali lenyewe ni la maneno. Mtoto ambaye lugha yake imechelewa anaweza kukwama kwenye sentensi, na wengi wenye usonji hufaulu baadaye lugha inapokua. Wapo wanaofaulu mezani lakini uwanjani, michezo ikienda kasi, utani unawapita. Kuhusu huruma, jaribio hili halikuipima kabisa. Anayekosea kapu na ndoo bado anaweza kukusogelea ukilia.