Meneja akipendana na anayemsimamia: dhana potofu na ukweli

Nimefanya kazi ya rasilimali watu Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kujua kwamba suala hili halifiki ofisini kwangu mapema. Linafika likiwa limeshachacha: nyongeza imeshatolewa, wenzake wamenuna, na kila mtu ana lake la kusema. Hapo ndipo nasikia dhana zilezile, na ya kwanza ni hii.

"Tumependana wenyewe, tu watu wazima. Ofisi haina haki ya kujua."

Kwa wafanyakazi wawili wa ngazi moja, mmoja stoo na mwingine uhasibu, mara nyingi hilo lina ukweli wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikatazi watu kupendana kazini, wala haimlazimishi yeyote kwenda kutangaza mchumba wake. Wajibu wa kutoa taarifa unatoka kwingine: kwenye mkataba, kwenye kitabu cha sera za kampuni, na hasa kwenye ile fomu ya mgongano wa maslahi ambayo mameneja wengi huisaini bila kuisoma.

Nitatoa kisa kimoja. Kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi zake upande wa Kurasini. Meneja wa shughuli na karani wa nyaraka anayeripoti kwake moja kwa moja walianza uhusiano mwezi Februari. Mwezi mmoja nyuma, Januari, meneja alikuwa amesaini fomu yake ya mwaka, na fomu hiyo ilimtaka atoe taarifa ya badiliko lolote ndani ya siku 14. Hakutoa. Machi akaidhinisha ovataimu ya yule dada. Mei akamfanyia tathmini na kumpa alama 4 kati ya 5. Juni akapendekeza mkataba wake uhuishwe na mshahara upande. Agosti karani mwingine aliyepata 3 akaandika malalamiko.

Nilipomwita, meneja aliniambia: "Dada, huyu nitamwoa. Sasa ulitaka nilete ofisini barua ya mapenzi?"

Nilimjibu kwamba ilihitajika mistari minne tu. Jina lake na cheo, jina la mwenzake na cheo, tarehe uhusiano ulipoanza, na orodha ya mambo ya mwenzake yanayopita mikononi mwake: ovataimu, likizo, posho za safari, tathmini, mkataba. Basi. Hakuna anayeuliza walikutana wapi wala wanalala wapi. Kampuni inachohitaji ni ule mstari wa mwisho, kwa sababu ndio unaoiwezesha kumtoa meneja kwenye maamuzi hayo na kumpa mtu mwingine kalamu.

Tuliirudia tathmini. Meneja wa idara nyingine alichukua majalada ya miezi sita, akahesabu nyaraka zilizorudishwa na mamlaka kwa makosa na zilizopita mara ya kwanza, akamhoji mhasibu anayezipokea. Yule dada akapata 4. Alistahili kabisa! Lakini hakuna mtu kwenye korido ile aliyeamini, na mpaka leo sidhani kama wanaamini. Hilo ndilo linaloniuma kwenye kesi za namna hii. Meneja alipokaa kimya alidhani anamlinda mpenzi wake, kumbe alikuwa anamnyang'anya jasho lake. Barua ya mistari minne mwezi Februari ingeifanya ile 4 iwe yake.

"Basi kampuni inaweza kuwafukuza palepale."

Haiwezi. Kuachisha kazi kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki, na mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha vyote viwili. Kanuni za utendaji bora za 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, zinauliza maswali ya kawaida tu: kanuni ilikuwepo? Mfanyakazi aliijua? Inatumika kwa wote sawasawa? Adhabu inalingana na kosa? Kisha unafanyika uchunguzi, mtuhumiwa anapewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na anaruhusiwa kuingia kwenye kikao na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama chake.

Ukiwa mwajiri na kwenye barua ya mashtaka ukaandika "kuwa na uhusiano wa kimapenzi" wakati sera yako haitamki neno hilo popote, jiandae kushindwa. Meneja wetu alishtakiwa kwa kutotoa taarifa ya mgongano wa maslahi na kwa kuidhinisha malipo akiwa ndani ya mgongano huo. Ushahidi ulikuwa saini zake mwenyewe, moja ya Januari na tatu zilizofuata. Alipewa onyo la mwisho la maandishi. Kama angeulizwa kwa maandishi akakana, pangekuwa na hoja ya udanganyifu mkubwa, na huo ni miongoni mwa makosa ambayo kanuni zenyewe zinasema yanaweza kumwondoa mtu kazini.

"Wa chini ndiye aripoti, na ndiye ahamishwe."

Siku ya pili ya kesi hii uongozi ulikuwa umeshaandaa barua ya kumpeleka yule dada ghala la Ubungo. Meneja abaki, maana "ana majukumu." Nilikataa kuisaini. Mwenye kalamu ndiye mwenye wajibu wa kwanza wa kusema, na kinachopaswa kuhama ni mamlaka ya kumwamulia mwenzake. Mara nyingi inatosha kubadilisha anaripoti kwa nani, bila mtu kuhama kiti. Ukimhamisha mwanamke kwa sababu tu ndiye mwenye cheo kidogo, umeufungua mlango wa madai ya ubaguzi wa kijinsia, ambao kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinaukataza. Kila mara ninapoona barua ya uhamisho wa namna hiyo, jina lililopo juu yake ni la mwanamke.

"Tukishaachana, hakuna tena cha kuripoti."

Hapa ndipo hatari ilipo kubwa kuliko mwanzo. Meneja aliyeachwa bado anapanga zamu na bado anasaini likizo. Dalili zake naziona kwenye karatasi kabla mtu hajalalamika: likizo iliyokataliwa bila sababu, alama iliyoshuka kutoka 4 hadi 2 ndani ya robo moja ya mwaka, onyo la kuchelewa dakika kumi kwa mtu mmoja tu. Kwa hiyo taarifa ya kuachana nayo iletwe, na mamlaka yasirudishwe kwa meneja.

Na ikiwa meneja anaendelea kumfuata aliyesema hapana, suala si la sera tena. Usumbufu ni aina ya ubaguzi chini ya kifungu hicho cha 7. Akidai ngono ili mkataba uhuishwe, hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na inapelekwa TAKUKURU. Hata mfanyakazi akiacha kazi mwenyewe kwa kushindwa kuvumilia, kanuni za 2007 zinatambua kwamba unyanyasaji wa kijinsia, au mwajiri kushindwa kumlinda nao, unaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa.

Ila siku zinakimbia. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka shauri la kuachishwa kazi lifunguliwe ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Nimempokea binti aliyekuja siku ya 41 akiwa na kila ushahidi kwenye simu yake, ujumbe wa meneja wa saa sita usiku, picha ya barua ya likizo iliyokataliwa. Tulianza kwa kuandika maombi ya kuongezewa muda, na sehemu ndefu kuliko zote ilikuwa ile ya kueleza kwa nini alichelewa: alikuwa akimsubiri afisa wa rasilimali watu wa kazini kwake, aliyemwambia, "Mambo yenu ya mapenzi mkayamalize nyumbani."