Kukadiria thamani ya mayai kwa picha za trei: maana yake na namna inavyofanywa

Kukadiria mayai kwa picha ni kupata idadi na bei ya mzigo wa mayai kutokana na picha za trei, bila kuhesabu yai moja moja. Mnunuzi wa Dar es Salaam anatumiwa picha na mfugaji wa Kibaha, naye anatakiwa aseme bei kabla gari halijapakiwa. Kazi hii ina hatua tatu: kujua mayai ni mangapi, kujua mangapi ni makubwa, ya kati na madogo, kisha kutoa yaliyopasuka. Watu wengi huhangaika zaidi na hatua ya mwisho, kwa sababu yai lililopasuka linaonekana na linaudhi. Lakini fedha nyingi hupotea katika hatua mbili za kwanza, kama hesabu iliyo hapa chini inavyoonyesha.

Kipimo cha kuanzia ni trei yenyewe. Trei ya kawaida ina vishimo 30, mistari 6 ya vishimo 5. Kwa hiyo kwenye picha usihesabu mayai. Unahesabu vishimo vitupu, kisha unatoa kwenye 30. Jicho linakosea likihesabu mayai 27 yanayofanana, lakini halikosei likitafuta vishimo 3 vyeusi. Ili njia hii ifanye kazi, picha ipigwe kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba na trei, na pembe zote nne za trei zionekane. Picha ya ubavu haifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa yai la mbele hufunika kishimo kilicho nyuma yake. Jua kali nalo linaharibu: ganda linang'aa, kivuli kinakolea, na kishimo kitupu kinapotea ndani ya kivuli. Kivulini, au ndani ya banda lenye mwanga wa dirishani, picha hutoka vizuri zaidi.

Picha ya juu, hata hivyo, inaonyesha trei moja tu ya kila rundo. Trei zilizo chini yake zinahesabiwa kwa picha ya pili, ya ubavuni, na hapo ndipo kosa kubwa linapotokea. Mtu anahesabu kingo za trei, anapata 13, anaandika trei 13 za mayai. Lakini wauzaji wengi hufunika rundo kwa trei tupu ili vumbi lisiingie, na wengine huweka trei mbili kwa pamoja chini kabisa ili rundo lisimame imara. Trei tupu zikiwekwa kwa mwelekeo mmoja huingiana, na kingo zake hukaribiana sana. Trei yenye mayai haiwezi kukaribiana hivyo na iliyo juu yake, kwa sababu mayai yanazuia. Basi hesabu nafasi zenye mayai baina ya kingo, usihesabu kingo. Na kila rundo liwekewe karatasi yenye namba yake, ionekane kwenye picha zote mbili. Bila namba, rundo moja lililopigwa kutoka pande mbili huhesabiwa kama mawili.

Tuchukue mzigo wa marundo manne. Kingo kwenye picha za ubavuni ni 12, 12, 12 na 13, jumla 49. Ukitazama vizuri, rundo la tatu limefunikwa kwa trei tupu, na la nne lina trei mbili zilizoingiana chini. Trei zenye mayai ni 12, 12, 11 na 12, yaani 47. Vishimo vyote ni 1,410. Picha za juu zinaonyesha trei ya juu ya rundo la pili ina vishimo 7 vitupu, nyingine zimejaa. Idadi ya kuanzia ni mayai 1,403, kwa sharti kwamba trei zisizoonekana zimejaa. Sharti hilo halithibitishwi na picha za juu wala za ubavuni. Linahitaji trei kadhaa zifunguliwe.

Ukubwa ni mgumu zaidi kuliko idadi. Yai hukaa kwenye trei likiwa wima, ncha iliyochongoka ikielekea chini, kwa hiyo kamera inaona unene wake tu, urefu haionyeshi. Na uzito hauongezeki sawasawa na unene. Uzito wa yai bichi kwa gramu unakaribia 0.548 mara urefu mara unene mara unene, vipimo vikiwa kwa sentimita. Yai la urefu wa sentimita 5.7 na unene wa 4.4 lina takriban gramu 60. Yai la urefu wa 5.4 na unene wa 4.2 lina takriban gramu 52. Tofauti ya unene ni milimita 2 tu, lakini uzito umeshuka kwa gramu 8, na hilo linatosha kulitoa yai kwenye kundi la makubwa. Kwenye picha, milimita 2 zinaweza kuletwa na simu iliyoinama kidogo, au na yai la pembeni ya picha kuonekana tofauti na la katikati. Ndiyo maana mtu mwangalifu hasemi ukubwa wa yai moja moja kwa picha. Anatumia picha kulinganisha mayai ya trei ileile, halafu anatafuta uzito kwa mizani.

Mizani ya jikoni inatosha. Trei iliyojaa ipimwe, uzito wa trei tupu utolewe, kinachobaki kigawanywe kwa 30. Mayai yenye wastani wa gramu 60 yatakuwa na kilo 1.8. Picha ya mizani yenye trei juu yake, namba zikisomeka, ina thamani kuliko picha kumi za trei peke yake. Ikiwa trei inaonekana imejaa mayai makubwa lakini wastani ni gramu 53, basi huenda picha ilipigwa kwa karibu mno.

Kuna jambo jingine kuhusu ukubwa: trei ya juu haiwakilishi rundo. Hata bila nia mbaya, mtu anayepanga mayai hukamilisha trei ya mwisho kwa mayai aliyoyachagua, na mara nyingi mazuri ndiyo yanayoonekana. Kwa hiyo trei za kupima zitoke juu, katikati na chini, na mnunuzi ndiye achague namba, si muuzaji.

Katika mzigo wetu, mnunuzi anaomba trei sita zifunguliwe: mbili za sehemu ya juu, mbili za katikati, mbili za chini kabisa. Zote zimejaa, kwa hiyo sharti la kwanza limepata nguvu. Kati ya mayai 180, makubwa ni 99, ya kati 63, madogo 18. Hiyo ni asilimia 55, 35 na 10. Trei nne za juu kwenye picha za mwanzo zilionekana kuwa na asilimia 75 makubwa, 20 ya kati na 5 madogo. Tunatumia uwiano wa trei zilizofunguliwa.

Sasa mpasuko. Hapa lazima kutenganisha yai lenye ufa na yai lililovuja. Lenye ufa ganda limepasuka lakini utando wa ndani haujachanika. Linauzwa kwa bei ya chini kwa mpishi atakayelitumia siku hiyohiyo. Lililovuja halina bei, na linachafua majirani zake. Trei ya karatasi ikilowa ute hulegea, na ikilegea mayai ya juu yake huegemeana na kupasuka. Kwa sababu hiyo mpasuko hauenei sawasawa kwenye mzigo, hujikusanya. Mara nyingi huanzia chini, kwa sababu trei ya chini kabisa ya rundo la trei 12 imebeba trei 11, karibu kilo 20. Doa la unyevu kwenye ukingo wa trei katika picha ya ubavuni ni dalili ya kufungua trei hiyo hata kama haikuchaguliwa.

Ufa mwembamba hauonekani kwenye picha ya juu; nusu ya chini ya yai imefichwa na kishimo. Nyufa zinazohesabiwa kwa picha ni kiwango cha chini kabisa. Yale mayai 180 lazima yashikwe mkononi na kugeuzwa, na yenye shaka yamulikwe kwa tochi gizani: ufa huonekana kama mstari wa mwanga. Wamefanya hivyo, wakapata nyufa 4 na lililovuja 1 kwenye trei za chini, nyufa 2 katikati, ufa 1 juu. Jumla ni nyufa 7 na lililovuja 1 kwa mayai 180.

Ukiupeleka uwiano huo kwenye mayai 1,403, unapata yenye nyufa 55 na yaliyovuja 8. Mazima ni 1,340: makubwa 737, ya kati 469, madogo 134. Tuseme bei ya trei ni shilingi 9,000 kwa makubwa, 8,100 kwa ya kati, 6,600 kwa madogo na 4,500 kwa yenye nyufa. Kwa yai moja ni 300, 270, 220 na 150. Makubwa yanaleta 221,100, ya kati 126,630, madogo 29,480, yenye nyufa 8,250. Jumla ni shilingi 385,460. Aliyehesabu kingo 49 na kuzidisha kwa 9,000 angesema 441,000, zaidi kwa shilingi 55,540.

Tazama kila kosa lina uzito gani. Trei moja iliyohesabiwa bila kuwapo ni takriban shilingi 8,200. Kutumia uwiano wa ukubwa wa trei za juu badala ya zilizofunguliwa kungeongeza shilingi 11,390. Mpasuko nao una shaka kubwa zaidi kwa asilimia: mayai 8 mabovu kati ya 180 yanaweza kutoka kwenye mzigo ambao wastani wake halisi ni 14 kati ya 180. Hata ikiwa hivyo, na yaliyoongezeka yote ni nyufa, thamani inashuka kwa kama shilingi 6,000 tu. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja zaidi, rudia kuhesabu nafasi za mayai ubavuni, kisha pima trei moja nyingine ya chini kwenye mizani. Shaka ya mpasuko inabadilika kuwa hasara nzito pale tu trei zilipolowa, na hapo wastani hautumiki: trei zilizolowa zihesabiwe peke yake, yai kwa yai.

Hesabu hii yote ni ya mayai yalipo wakati wa kupigwa picha. Barabara ya vumbi yenye matuta huongeza nyufa, nazo hazimo kwenye 55 zilizopatikana. Kwa hiyo bei ikikubaliwa, wakubaliane pia inahesabiwa bandani au dukani. Ikiwa ni dukani, trei zilezile sita, zenye namba zilezile, zifunguliwe tena baada ya kushusha, na idadi ya nyufa za awali itolewe. Kinachobaki ndicho mpasuko wa safari.