Faida ya Asilimia 20, Lakini ya Bei Ipi?

Katika miaka yangu ya kufundisha na kusahihisha hesabu za faida na hasara, kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi halitokani na kuzidisha wala kugawanya vibaya. Mwanafunzi hukokotoa kila hatua kwa usahihi, lakini asilimia anaitoa kwenye bei isiyohusika. Kwa kawaida, swali likitaja asilimia ya faida au ya hasara bila kueleza zaidi, asilimia hiyo ni ya bei ya kununulia, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa 100.

Kosa hili hujificha zaidi pale tunapopewa bei ya kuuzia na kutakiwa kutafuta bei ya kununulia. Tuchukue kitu kilichouzwa kwa 600 na kuleta faida ya asilimia 20. Karatasi moja niliyoisahihisha ilikuwa na kazi safi kabisa: asilimia 20 ya 600 ni 120, na 600 ukitoa 120 ni 480, kwa hiyo bei ya kununulia ni 480. Chini yake mwanafunzi alikuwa ameandika uhakiki wake, 480 + 120 = 600, akaweka alama ya vema.

Uhakiki huo ndio ulionisikitisha kuliko jibu lenyewe, kwa sababu haukuhakiki chochote. Ukitoa 120 kisha ukairudisha ileile 120, utafika 600 hata kama asilimia ilitolewa kwenye bei isiyostahili. Uhakiki wa kweli huiacha ile 120 kando, huishika bei ya kununulia iliyopatikana, na kuitafutia asilimia upya. Asilimia 20 ya 480 ni 96, na 480 ukijumlisha 96 ni 576. Swali linasema 600, kwa hiyo jibu limekataliwa. Njia sahihi ni kuona kwamba 600 ni asilimia 120 ya bei ya kununulia, kisha kugawanya: 600 ÷ 1.2 = 500. Asilimia 20 ya 500 ni 100, na jumla ni 600 kamili.

Sasa itazame ile tofauti kati ya 600 na 576, ambayo ni 24. Hiyo ni asilimia 4 ya 600, na asilimia 4 ndiyo asilimia 20 ya asilimia 20. Haikutokea kwa bahati: aliyetoa asilimia kwenye bei ya kuuzia amezidisha bei hiyo kwa 0.8, na uhakiki unazidisha kwa 1.2, na 0.8 × 1.2 ni 0.96. Kwenye hasara mpangilio hugeuka lakini matokeo ni yaleyale. Kama kitu kimeuzwa kwa 600 kwa hasara ya asilimia 20, mkosaji ataongeza 120 na kupata 720, na uhakiki utampa 720 × 0.8, yaani 576 tena, ilhali jibu sahihi ni 750. Kwa hiyo ninapoona uhakiki umepungukiwa kwa asilimia ya asilimia namna hii, najua mara moja kosa liko wapi, na sina haja ya kupekua hatua nyingine.

Alama hii hufifia asilimia inapokuwa ndogo. Kwa asilimia 5, upungufu kwenye 600 ni 1.5 tu, na kwa asilimia 2 ni 0.24, kiasi ambacho mtu anaweza kudhani kimetokana na kukadiria desimali. Ndiyo maana nawaomba wanafunzi wasikadirie jibu kabla ya kulihakiki.

Swali likitoa bei zote mbili na kutaka asilimia, kosa huonekana kwa urahisi zaidi. Bei ya kuuzia ikitumiwa kama msingi, faida hutoka ndogo kuliko ilivyo na hasara hutoka kubwa. Kitu kilichonunuliwa kwa 500 na kuuzwa kwa 200 kimeleta hasara ya 300, ambayo ni asilimia 60 ya 500. Aliyegawanya kwa 200 atapata asilimia 150, na muuzaji hawezi kupoteza zaidi ya kile alichonunulia kitu hicho.

Kabla ya kulikata jibu, hata hivyo, mimi hulisoma swali tena. Katika hesabu za biashara faida hutajwa pia kama asilimia ya mauzo, na swali likisema wazi kwamba faida ni asilimia 20 ya bei ya kuuzia, basi ile 480 ni sahihi, na uhakiki wake hufanywa kwa kuuliza kama 120 ni asilimia 20 ya 600. Hapo anayekosea ni yule aliyeandika 500.