Ukichuja mtetemo wa msingi, sauti haipandi oktava

Mara ya sijui ngapi mwaka huu, mtu amesimama nyuma ya meza yangu ya sauti na kuniamuru nitoe kidole kwenye kitufe cha `LOW CUT`. Safari hii alikuwa papa mmoja wa sauti ya nne, katika korali ya Kadutu, hapa Bukavu, niliyokuwa ninairekodi. "Fundi," akasema, "unanikata sauti ya chini. Nitasikika kama hawa vijana wa sauti ya tatu."

Papa simlaumu. Aliyenichosha ni kiongozi wa korali, mtu aliyesoma fizikia, ambaye alimuunga mkono kwa hoja iliyopangwa vizuri kabisa: mtetemo wa msingi ndio unaobeba noti; ukiuchuja, harmoniki ya pili, mtetemo wenye kasi mara mbili yake, inabaki kuwa ya chini kuliko zote; basi inakalia kiti, na noti inapanda oktava nzima. Hoja hii nimeisikia Bukavu yote, kuanzia kwa wapiga gitaa mpaka kwa mafundi wenzangu. Inapendeza, na si kweli.

Wanasema: mtetemo wa msingi ukiondoka, harmoniki ya pili inachukua nafasi yake

Tuchukue noti ile ile ya papa. Alikuwa anaimba la, hezi 110. Maana yake nyuzi za sauti kooni mwake zinafunguka na kufunga mara 110 kwa sekunde, na kila baada ya milisekunde 9.1 hivi umbo lile lile la wimbi linajirudia. Ndani ya wimbi hilo mna mtetemo wa msingi, 110, na juu yake harmoniki zake: 220, 330, 440, 550, 660, na kuendelea. Mdomo na koo vinaamua ipi iwe na nguvu na ipi inyong'onyee, ndiyo maana "a" si "i" na papa huyu si papa yule. Lakini nafasi kati ya moja na nyingine haibadiliki, ni 110 tu, ngazi kwa ngazi.

Sasa futa 110. Zinabaki 220, 330, 440, 550. Kiongozi wa korali anasema 220 ndiyo mkubwa mpya wa nyumba. Sawa, na 330 ni mtoto wa nani? Watoto wa 220 ni 440, 660, 880. Hizo 330, 550 na 770 hazina baba katika nyumba hiyo. Namba kubwa kuliko zote inayozigawa zote bila baki bado ni 110, hata kama yenyewe haipo. Futa na 220 vilevile: 330, 440, 550 na 660 zinatoa jibu lile lile.

Sikio halifanyi kazi kama karani anayeangalia jina la kwanza kwenye orodha na kufunga daftari. Linapokea harmoniki zote kwa pamoja, na ubongo unatafuta mpangilio mmoja unaozieleza zote. Ukitaka noti ipande oktava kweli, itabidi ufute 110, 330, 550, 770 na kila ya namba witiri mpaka juu, ubakize 220, 440, 660. Hakuna kitufe cha besi kinachofanya hivyo.

Asiyeniamini afungue Audacity. Rekodi mwanaume akishikilia "aaa" kwa sekunde tano, noti moja, bila kutetemesha. Nakili wimbo huo kwenye mstari wa pili. Kwenye mstari wa pili weka `High-Pass Filter`, andika 300 kwenye `Frequency (Hz)`, na kwenye `Roll-off` chagua 48 dB. Kwa noti ya papa, kichujio hicho kinaushusha mtetemo wa 110 kwa desibeli 70 hivi, yaani umekwisha. Ile ya 220 inashuka karibu desibeli 22. Kuanzia 330 kwenda juu zinabaki karibu zilivyokuwa. Kisha vuta picha ya wimbi mpaka uone kilima kimoja kimoja, na upime kutoka kilima kikubwa hadi kingine kinachofanana nacho. Utapata milisekunde 9.1 kwenye mstari wa kwanza, na 9.1 kwenye wa pili. Umbo limebadilika sana, vilima vimekuwa vikali na tumbo la wimbi limeondoka, lakini mwendo wa kujirudia ni ule ule. Kama noti ingepanda oktava, ungepima 4.5.

Nilimfanyia papa jaribio hili palepale, kwenye kompyuta, na kinanda kikiwa mbele yake. Sikumuuliza kama sauti ni nene au nyembamba. Nilimwambia atafute noti. Wimbi kamili: akabonyeza la. Wimbi lililochujwa: akasikiliza, akakunja uso, akabonyeza la ile ile, ufunguo ule ule.

"Lakini imekuwa nyembamba," akasema.

Hapo ndipo mzizi wa ubishi wote, na ni lugha yetu inayotuponza. Sisi tunaita sauti ya chini "nene" na ya juu "nyembamba". Tena sauti iliyojaa tunaiita "nene", na iliyopungukiwa mwili "nyembamba". Neno moja linabeba mizigo miwili. Ukichuja chini, sauti inapungua mwili, ni kweli kabisa, na masikio ya papa yako sawa. Kisha mtu anachukua neno "nyembamba", analipeleka kwenye maana ya pili bila kugundua, na anaanza kusema noti imepanda. Ndiyo maana mteja akiniambia sauti imekuwa nyembamba, ninampa kinanda kabla ya kumpa jibu.

Na kusema kweli, ubishi wa papa haukuhitaji hata haya yote. Kitufe cha meza yangu kinaanza kukata kwenye hezi 100, desibeli 18 kwa oktava. Kwa noti ya 110 kinaondoa chini ya desibeli 2. Kile kinachokatwa kwa nguvu ni mngurumo wa jenereta, miguu inayokanyaga jukwaa, na upepo unaogonga mikrofoni. Lakini nenda ukawaambie.

Wanasema: simu inabadilisha sauti ya mtu kuwa ya juu

Laini ya simu ya mtindo wa zamani hupitisha takriban hezi 300 hadi 3400. Mwanaume wa kawaida akiongea, mtetemo wake wa msingi uko jirani na 100 au 120. Wa mwanamke uko jirani na 200. Hakuna hata mmoja anayepita. Miaka yote hiyo watu wameongea na baba zao walioko Uvira kwa laini hizo, na sijasikia mtu aliyedhani baba amegeuka mtoto. Inatosha.

Wanasema: spika ndogo haitoi noti za gitaa la besi

Uzi mnene wa gitaa la besi, ule wa mi, ni hezi 41. Kispika cha simu hakina uwezo wowote huko chini. Hata hivyo utaufuata mstari wa besi kwenye simu, noti kwa noti, kwa sababu harmoniki zake za 206, 247, 288 na kwenda juu zinatoka, angalau kwa kiasi. Unachokosa ni kule kugongwa kifuani. Kwa hiyo tafadhali, mtayarishaji kijana, usinipandishie 41 kwa desibeli 12 eti isikike kwenye simu. Simu haitaitoa, na kwenye bafle kubwa za kanisa itafunika korali nzima. Ongeza harmoniki za besi, kwa kuikwaruza kidogo, yaani kuliharibu kidogo umbo la wimbi lake, na simu itakuelewa.

Wanasema: ni hesabu ya kutoa tu, 440 kutoa 330 ni 110

Hawa wamekaribia, ndiyo maana wananiumiza kichwa. Fikra yao ni kwamba sikio lenyewe linakwaruza, linazaa tofauti ya harmoniki mbili jirani, na 110 inarudi kweli ndani ya sikio. Mwanasayansi Helmholtz aliamini kitu cha namna hiyo, na kabla yake Seebeck na Ohm, yule yule wa umeme, walishabishana juu ya jambo hili tangu miaka ya 1840. Sikio kweli huzaa mitetemo ya ziada, lakini haielezi tunachosikia. Katika miaka ya 1950 mtafiti Licklider alifunika eneo la chini kwa kelele, ili mtetemo wowote uliozaliwa pale usisikike, na noti ikaendelea kusikika. Mwaka 1972 watafiti Houtsma na Goldstein waliweka harmoniki moja kwenye sikio la kushoto na jirani yake kwenye la kulia. Hakuna sikio lililokuwa na mbili za kutoa, na bado wasikilizaji walizitambua noti. Kazi inafanyika ubongoni.

Na ukitaka kuona kutoa kunavyoshindwa, chukua 840, 1040 na 1240. Tofauti ni 200 kila mahali, lakini wengi husikia noti ya juu kidogo, karibu 208, kwa sababu ubongo unatafuta msingi ambao mara nne, tano na sita zake zinakaribia zaidi namba hizo.

Wanasema: basi unaweza kukata chochote

Hapana. Mluzi ni mtetemo wa msingi karibu mtupu. Ukiuchuja umebaki na pumzi. Soprano akiimba hezi 1000 kwenye laini ile ya simu, unabakiwa na 2000 na 3000 juu yake. Futa 1000 na ushahidi umekuwa mwembamba sana. Na ukibakiza zile harmoniki za juu sana tu, baada ya ya kumi hivi, noti inasikika hafifu, haina uso.

Kuna na mtego mmoja kwa wanaojaribu nyumbani. Wanatengeneza mitetemo mitupu ya 330, 440 na 550, wanaicheza, kisha wananiandikia kwamba hawasikii 110, wanasikia mi, la, do dièse. Sawa kabisa, hiyo ni akordi ya la, na mwanakorali lazima aisikie. Mitetemo iliyosimama bila kuyumba, hasa ikianzishwa mmoja mmoja, sikio linaweza kuitenganisha. Za koo la mtu zinaanza pamoja, zinayumba pamoja, zinanyamaza pamoja, kwa hiyo zinashikamana. Tumia sauti ya mtu.

Papa wa sauti ya nne alikuwa bado ananisubiri. Unene aliokuwa anautaka, ule wa mwili, unapatikana bila kugusa meza: mikrofoni zinazonasa zaidi upande mmoja, kama ile yake, huongeza sauti ya chini kadiri mdomo unavyosogea karibu. Nikamwomba asogee mpaka vidole vinne. Akaimba la yake, akatabasamu, na kitufe kikabaki kimebonyezwa.