Jedwali la kutahini: gawa alama kabla ya kuandika swali la kwanza

Mtihani wa muhula ukitungwa kwa kupekua daftari, mada ambayo ni rahisi kuulizwa hula alama nyingi, na ile iliyofundishwa wiki nne huambulia maswali mawili. Jedwali la kutahini huzuia hilo kwa sababu mgao wa alama hufanywa mapema. Mistari yake ni mada, safu zake ni viwango vya kufikiri, na kila kisanduku hubeba alama.

Tuchukue mtihani wa biolojia wa alama 50. Anza na vipindi vilivyofundishwa kweli. Vitoe kwenye rekodi ya kazi, si kwenye azimio la kazi, maana azimio huonyesha ulichokusudia tu. Tuseme uainishaji wa viumbe ulichukua vipindi 5, seli 8, usanisinuru 7 na mmeng'enyo wa chakula 12, jumla 32. Gawa vipindi vya mada kwa 32, kisha zidisha kwa 50. Unapata 7.8, 12.5, 10.9 na 18.75. Ukikadiria kila moja kwa namba nzima iliyo karibu, jumla inakuwa 51. Alama iliyozidi ipunguze pale ulipokadiria juu kwa sehemu kubwa zaidi. Hapa ni seli, inayobaki na 12.

Sasa viwango. Orodha ya Bloom ya mwaka 1956, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2001, ina ngazi sita: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kuunda. Kwa mtihani mfupi, safu sita ni nyingi mno. Utabaki na visanduku vya nusu alama. Ziunganishe ziwe tatu. Tukiamua asilimia 30 kwa kukumbuka, 50 kwa kuelewa na kutumia, na 20 kwa kuchambua na zaidi, tunapata alama 15, 25 na 10.

| Mada | Kukumbuka | Kuelewa na kutumia | Kuchambua na zaidi | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Uainishaji | 4 | 4 | 0 | 8 |
| Seli | 4 | 6 | 2 | 12 |
| Usanisinuru | 2 | 5 | 4 | 11 |
| Mmeng'enyo | 5 | 10 | 4 | 19 |
| Jumla | 15 | 25 | 10 | 50 |

Visanduku vya ndani havikujazwa kwa kuzidisha asilimia tu. Hesabu tupu ingeipa uainishaji alama 1.6 za kuchambua, ilhali malengo ya mada hiyo yaliishia kwenye kutaja makundi na kutumia sifa kumpanga kiumbe. Sifuri inaruhusiwa. Kinachotakiwa ni jumla za pembeni na za chini zikubaliane.

Kosa kubwa huja baadaye, pale swali linapowekwa kwenye kisanduku kwa kuangalia kitenzi chake. "Eleza kwa nini" huonekana ni swali la kuelewa, lakini kama maelezo hayo yaliandikwa ubaoni na kunakiliwa, mwanafunzi anakumbuka tu. Chukua zile alama 4 za kuchambua kwenye usanisinuru. Darasa lilifunika sehemu ya jani la kijani kwa karatasi nyeusi, likalipima kwa iodini, na sehemu iliyofunikwa haikugeuka bluu-nyeusi. Ukiuliza matokeo ya jaribio hilohilo, umeuliza kumbukumbu. Badala yake toa jani lenye mabaka meupe, lililoondolewa wanga kwanza, nusu yake ikafunikwa na mmea ukaachwa kwenye mwanga. Mwanafunzi atabiri rangi ya sehemu zote nne baada ya jani kupimwa kwa iodini na atoe sababu. Ni sehemu ya kijani isiyofunikwa pekee itakayogeuka bluu-nyeusi; nyingine zimekosa mwanga, klorofili au vyote viwili. Alama 2 ni za utabiri na 2 za sababu. Swali hili nalo hushuka hadi kukumbuka ikiwa jani la aina hiyo lilishajadiliwa darasani, ndiyo maana kiwango cha swali huamuliwa na anayejua kilichofundishwa.

Hesabu alama, usihesabu maswali. Maswali kumi ya kuchagua jibu yenye alama moja moja yana uzito sawa na swali moja la alama 10. Jihadhari pia na "jibu maswali mawili kati ya manne": kila mwanafunzi huondoka na mgao wake, na jedwali halielezi tena mtihani alioufanya. Ukitaka uchaguzi, maswali mbadala yatoke kisanduku kimoja.

Karatasi ikikamilika, mpe mwalimu mwenzako wa somo hilo maswali pamoja na jedwali tupu, ayapange mwenyewe bila kuona lako. Mkitofautiana kwenye mada, huenda swali linagusa mada mbili, basi gawa alama zake. Mkitofautiana kwenye kiwango, jiulizeni mwanafunzi angelijibuje hatua kwa hatua; mara nyingi mmoja wenu ataona njia ya mkato ambayo mtungaji hakuiona. Rekebisha swali, kisha jumlisha safu upya. Jedwali lililochorwa baada ya mtihani kutungwa, ili faili likamilike, hukubaliana na karatasi daima, na kwa hiyo halikagui chochote.